Programu Haiuoni Ufunguo: Kurekebisha Draiva ya HASP Iliyogoma

Ujumbe kwenye skrini ni mfupi: `Sentinel key not found (H0007)`. Ufunguo umechomekwa, leseni ililipiwa zamani, oda ya sare za shule inasubiri kwenye mashine ya kudarizi, na programu haifunguki. Wengi wakifika hapo huamini ufunguo umekufa, au huiondoa programu na kuiweka upya mara mbili tatu. Mara nyingi ufunguo ni mzima na programu haina kasoro. Kilichogoma ni draiva iliyo katikati yao, na hiyo hurekebishika bila kununua chochote, mradi ufuate mpangilio.

Nazungumzia hapa jamii moja ya funguo za leseni za USB, yaani HASP, ambayo siku hizi huitwa Sentinel. Utaikuta kwenye programu nyingi za kudarizi, za usanifu wa majengo na za upimaji. Majina yake huwachanganya watu, kwa hiyo tuyamalize mapema. HASP ilitengenezwa na Aladdin, kampuni ya Israeli. Mwaka 2009 Aladdin ikaingia SafeNet, mwaka 2015 SafeNet ikanunuliwa na Gemalto, na mwaka 2019 Gemalto ikanunuliwa na Thales. Ndiyo maana ufunguo unaweza kuandikwa Aladdin, draiva ikaandikwa SafeNet, na ukurasa wa kuipakua ukawa wa Thales. Ukoo ni uleule. Ufunguo wa HASP HL ulionunuliwa miaka mingi iliyopita husomwa na draiva mpya ya Sentinel, na hilo ndilo jambo la kwanza la kushika, kwa sababu kosa linaloongoza ni kuchukua CD iliyokuja na programu na kuweka draiva iliyomo kwenye Windows ya leo.

Nitaeleza kwa mfano wa karakana moja ya kudarizi. Programu yao ilinunuliwa enzi za Windows 7 na ikafanya kazi miaka yote kwenye kompyuta ya mezani. Kompyuta ilipochoka, mwenye karakana akanunua laptopu ya mtumba yenye Windows 11, akaweka programu kutoka kwenye CD, na draiva ikakwama katikati ya kuwekwa. "Fundi, mimi naona ufunguo umeungua, hata taa haiwaki," akasema. "Tusiuhukumu bado, mama," fundi akamjibu. "Taa hiyo haiwaki mpaka draiva ikae."

Alisema kweli. Funguo za HASP HL zinazotegemea draiva huwa na taa ndogo ndani ya plastiki, na huwaka pale draiva inapopakiwa na kuutambua ufunguo. Taa isiyowaka kwenye kompyuta isiyo na draiva haithibitishi kwamba ufunguo umekufa. Kuna funguo mpya za Sentinel HL ambazo Windows huzitambua yenyewe bila draiva maalumu, lakini hata hizo kwa kawaida huhitaji huduma ya leseni iwe imewekwa, kama tutakavyoona mbele.

Anza kwa kuuliza kama kompyuta inauhisi ufunguo kama kitu cha USB, kabla hujaigusa draiva. Chomeka ufunguo moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta, usipitie kwenye kigawanyaji wala waya wa kurefusha. Kisha fungua PowerShell uandike:

```
Get-PnpDevice -PresentOnly | Where-Object InstanceId -like "USB\VID_0529*"
```

Namba 0529 ni kitambulisho cha Aladdin katika orodha ya watengenezaji wa vifaa vya USB, na ufunguo hujitambulisha kwayo hata kama draiva haipo. Ukipata jibu lolote, hata lenye hali ya `Error`, umeme unaingia na ufunguo unaongea. Usipopata kitu, jaribu tundu jingine, halafu jaribu kompyuta nyingine. Ikiwa kompyuta mbili tofauti hazioni chochote chenye 0529, hapo ndipo shaka inahamia kwenye ufunguo wenyewe. Au huenda ni ufunguo wa jamii nyingine, kwani wa CodeMeter hujitambulisha kwa 064F na ule wa zamani wa SuperPro kwa 04B9. Hizo zina draiva zake, na kuziwekea draiva ya HASP ni kupoteza muda.

Kwa laptopu ya karakana jibu lilikuja. Kwenye `Device Manager`, chini ya `Other devices`, kulikuwa na alama ya njano na jina `HASP HL 3.25`. Jina hilo lina maana kubwa, kwa sababu linatoka ndani ya ufunguo wenyewe. Ufunguo umejitaja, Windows imesikia, lakini hakuna draiva ya kuupokea.

Bofya kitu hicho mara mbili usome namba ya kosa, kwani hapa ndipo njia zinapogawanyika. `Code 28` ni kwamba hakuna draiva iliyowekwa kabisa. `Code 52` ni kwamba draiva ipo ila Windows haikuikubali saini yake ya kidijitali, jambo la kawaida kwa draiva ya CD ya zamani. `Code 39` ni kwamba faili la draiva limeharibika, halipo, au limezuiwa kupakiwa. Ukiona `Code 10` au `Code 43` jaribu kwanza tundu jingine la USB, maana hapo mawasiliano yameanza yakakatika.

Pia kisakinishi cha draiva huacha kumbukumbu yake katika `C:\Windows\aksdrvsetup.log`. Ifungue kwa Notepad, nenda chini kabisa, usome mistari ya mwisho. Kwenye laptopu tunayoizungumzia ilionekana wazi kwamba kazi ilifika kwenye `hardlock.sys` ikakatika.

Faili hilo, `hardlock.sys`, linastahili maelezo. Ni kipande cha zamani cha draiva hii, na matoleo yake ya zamani hayapatani na ulinzi wa Windows unaoitwa `Memory integrity`. Ulinzi huo huchunguza kila draiva kabla ya kuiruhusu kuingia kwenye kiini cha mfumo, na kwenye kompyuta nyingi zinazokuja na Windows 11 huwa umewashwa tangu mwanzo. Draiva isiyotimiza masharti hukataliwa, na huenda Windows ikatoa tangazo lenye maneno `A driver cannot load on this device` pamoja na jina la faili. Mtumiaji akilifunga tangazo hilo bila kulisoma, kitakachobaki ni ufunguo usiowaka tu.

Mitandaoni utashauriwa uzime `Memory integrity`, au uandike amri ya kuiruhusu Windows ipokee draiva zisizo na saini. Mimi sikubaliani na ushauri huo, hasa kwa kompyuta ya kazi inayopokea michoro ya wateja kwa flashi kila siku. Unafungua mlango kwa draiva zote, pamoja na zile za wezi, ili kuiridhisha draiva moja iliyopitwa na wakati wakati mpya yake ipo. Zaidi ya hayo, draiva za zamani za HASP zenyewe si salama. Mnamo Januari 2018 watafiti wa Kaspersky walitangaza udhaifu 14 katika programu hii, baadhi yake ukimruhusu mtu aliye kwenye mtandao mmoja na wewe kuendesha amri kwenye kompyuta yako. Draiva mpya inaondoa matatizo yote mawili kwa pamoja.

Basi pata draiva mpya. Mahali pa kwanza ni kwa aliyekuuzia programu, kwa sababu wauzaji wengine huongeza ndani ya kisakinishi maktaba yao wenyewe ambayo programu huihitaji. Ukimkosa, nenda kwenye tovuti ya Thales, tafuta Sentinel LDK Run-time Environment. Inapatikana kwa sura mbili: `HASPUserSetup.exe`, yenye madirisha ya kubofya, na `haspdinst.exe`, inayoendeshwa kwa amri. Chukua ya pili, kwa kuwa ndiyo inayosafisha vizuri. Kabla ya kuiendesha, bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua `Properties`, kisha `Digital Signatures`. Jina la Thales, Gemalto au SafeNet lazima liwepo. Faili lisilo na saini, au lililotoka kwenye zile tovuti zinazodai kuwa na draiva za kila kitu, litupe.

Sasa inakuja sehemu ambayo mafundi wengi huiruka, nayo ndiyo inayoamua. Kuweka draiva mpya juu ya mabaki ya ile iliyokwama mara nyingi hakufaulu, kwa sababu Windows huhifadhi nakala ya kila draiva iliyowahi kuwekwa, na ufunguo ukichomekwa inaweza kuichukua ya zamani tena. Kwa hiyo safisha kwanza.

Ng'oa funguo zote za leseni, si huo mmoja tu. Funga programu ya kudarizi na nyingine yoyote inayotumia ufunguo. Bofya `Command Prompt` kwa kitufe cha kulia uchague `Run as administrator`, nenda kwenye folda uliyoweka `haspdinst.exe`, kisha andika:

```
haspdinst.exe -fr -kp -nomsg
```

Hapo `-fr` inaondoa draiva kwa nguvu bila kujali hesabu ya programu zilizowahi kuiweka, na `-kp` inasimamisha michakato inayoishikilia. Kama kuna programu nyingine kwenye kompyuta hiyo inayotumia Sentinel, nayo itasimama mpaka umalize, kwani zote hutumia draiva hiyohiyo moja. Mwambie mwenye kompyuta mapema.

Baada ya hapo tafuta nakala zilizobaki katika hazina ya draiva ya Windows:

```
pnputil /enum-drivers > C:\orodha.txt
```

Fungua `C:\orodha.txt` utafute `aks`. Unatafuta vifungu ambavyo `Original Name` ni `aksusb.inf`, `akshasp.inf` au `akshhl.inf`. Juu ya kila kimoja kuna jina ambalo Windows imelipa, mfano `oem23.inf`. Hilo ndilo unalolifuta:

```
pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall
```

Badili 23 kwa namba uliyoiona kwako. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza `Enter`, maana jirani yake, `oem22.inf`, anaweza kuwa draiva ya kadi ya skrini. Kwenye laptopu ya karakana vilipatikana vifungu viwili, kimoja cha Aladdin na kingine cha SafeNet, ishara kwamba hata mwenye laptopu wa kwanza aliwahi kutumia ufunguo wa aina hii.

Ukiwa bado kwenye usafi, na hasa kama kompyuta ni ya mtumba, tupia jicho `Device Manager` uone kama kuna kitu kinachoitwa `Virtual Usb MultiKey`. Hicho ni kiigizo cha ufunguo, kinachowekwa na watu wanaotumia programu bila leseni. Kinajibu maombi kwa niaba ya HASP, na kikiwepo ufunguo wako halali unaweza usionekane hata draiva ikikaa sawasawa. Kibofye kwa kitufe cha kulia ukiondoe, ukiweka alama kwenye kisanduku cha kufuta draiva yake pia. Ikiwa mabaki yake yanarudi kila unapowasha, usipigane nayo siku nzima. Weka Windows upya kuanzia mwanzo, kwa sababu huwezi kujua ni nini kingine kiliingizwa pamoja nacho.

Zima na uwashe kompyuta kwa kuchagua `Restart`. Usitumie `Shut down`, kwani kwenye Windows za siku hizi mara nyingi huhifadhi sehemu ya mfumo ilivyokuwa na kuirudisha unapowasha, na draiva uliyodhani imeondoka inabaki kwenye kumbukumbu.

Kompyuta ikirudi, ufunguo ukiwa bado mkononi, rudi kwenye `Command Prompt` ya msimamizi, nenda kwenye folda ileile, uandike:

```
haspdinst.exe -i
```

Subiri mpaka ujumbe wa kufaulu utokee. Ikikwama hapa huku hatua za nyuma zikiwa zimefuatwa, mshukiwa wa kwanza ni antivairasi, hasa zile zisizo za Windows yenyewe. Huduma ya leseni ni faili linaloitwa `hasplms.exe`, na baadhi ya antivairasi hulifungia zikidhani ni kitu kibaya. Angalia kwenye orodha ya vilivyofungiwa, uliruhusu, kisha rudia amri. Hapo ndipo faida ya kuikagua saini inapoonekana, kwa sababu unajua unachokiruhusu.

Draiva ikikaa, chomeka ufunguo na usubiri kidogo bila kugusa kitu. Kwenye karakana ile taa nyekundu iliwaka ndani ya sekunde chache. Kwenye `Device Manager` jina `HASP HL 3.25` likatoweka chini ya `Other devices`, na chini ya `Universal Serial Bus controllers` yakatokea majina kama `Sentinel HL Key` na `Sentinel USB Key`. Usishtuke kuona mawili au matatu kwa ufunguo mmoja. Ndivyo draiva hii ilivyojengwa.

Taa ikiwaka, bado kuna tabaka moja kabla ya programu. Fungua kivinjari chochote uandike:

```
http://localhost:1947
```

Huo ni ukurasa wa usimamizi unaotolewa na huduma ya leseni kutoka ndani ya kompyuta yenyewe, kwa hiyo hauhitaji intaneti. Bofya `Sentinel Keys` upande wa kushoto. Ufunguo wako unapaswa kuwa kwenye orodha pamoja na namba yake. Kwenye mstari wake kuna kitufe cha `Blink on`. Ukikibofya, taa ya ufunguo huanza kupepesa, na hilo ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linathibitisha njia nzima kutoka kwenye huduma, kupitia draiva, mpaka kwenye ufunguo, bila kuihusisha programu. Ukiwa na funguo kadhaa mezani, pia linakuonyesha upi ni upi.

Ukurasa ukikataa kufunguka, huduma haikimbii. Programu nayo wakati huo huwa inatoa kosa jingine, `H0033`, likiwa na maana kwamba imeshindwa kuifikia huduma ya leseni. Ulizia hali yake kwenye `Command Prompt` ya msimamizi:

```
sc query hasplms
```

Unataka kuona `RUNNING`. Ukiona `STOPPED`, andika `sc start hasplms`. Ikianza kisha ikasimama tena, rudi kwa antivairasi. Kama inakimbia na kosa la `H0033` bado lipo, kagua kinga ya mtandao kwenye kompyuta, kwa sababu programu na huduma huongea kwa namba 1947 hata zikiwa kwenye mashine moja, na baadhi ya kinga hizo hufunga njia hiyo.

Kuna hali ya mwisho inayowakatisha tamaa watu: ukurasa unaonyesha ufunguo, taa inapepesa, na programu bado inasema `H0007`. Hapa draiva imemaliza kazi yake, kwa hiyo acha kuihangaikia. Kwanza hakikisha huendeshi programu kupitia `Remote Desktop`, kwa maana leseni nyingi za mtumiaji mmoja hukataa kikao cha mbali hata ufunguo ukiwa umechomekwa mahali pake. Kaa mbele ya kompyuta yenyewe ujaribu. Pili, linganisha namba ya muuzaji kwenye safu ya `Vendor` na ya ufunguo unaojua ni wa programu hiyo, kama unao. Ufunguo wa programu nyingine huonekana vizuri kabisa hapo, ila hautafungua yako. Tatu, programu za zamani sana, zilizojengwa enzi za HASP4, bado zinakitaka kile kipande cha `hardlock.sys`, na visakinishi vya karibuni vinaweza visikiweke. Kwa hizo hakuna ujanja wa upande wa draiva. Mwombe muuzaji toleo jipya la programu, au iache programu hiyo kwenye kompyuta ya zamani iliyotengwa na mtandao.

Karakana ile haikufika huko. Programu ilifunguka mara ya kwanza, `Memory integrity` ikiwa imewashwa vilevile ilivyokuwa, na mchoro wa nembo ya shule ukaenda kwenye mashine siku hiyohiyo.

Na ikiwa umefanya haya yote kwenye kompyuta mbili safi na ufunguo haujitaji popote, basi umekufa kweli. Usiutupe. Wauzaji wengi hutoa ufunguo mwingine kwa gharama ya kifaa tu pale mteja anapourudisha ule ulioharibika, lakini aliyeupoteza kwa kawaida hulipia leseni nzima upya. Uweke kwenye bahasha, andika juu yake namba iliyochapwa kwenye plastiki, na uwasiliane na muuzaji ukiwa nao mkononi.